Tafakari ya Ijumaa: Radhi tano na ubeti wa kijana asiyejua kunena

Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia mwaka 1858. Alikuwa mgonjwa, na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikwisha kutangulia mbele ya haki. Beti zake zapita 100, na mpaka leo bi harusi wa pwani huimbiwa baadhi yake.

Makosa huanzia kwenye kuchagua. Waimbaji wengi hurukia beti za kumpepea mume, kumpapasa na kutomwamsha, wakaacha zile za mwanzo:

Mama pulika maneno
kiumbe ni radhi tano
ndipo apate usono
wa akhera na dunia

Pulika ni sikiliza, na usono ni mapumziko. Radhi hizo ni za Mungu, Mtume, baba, mama, kisha mume. Ile ya mume imetiliwa mkazo sana, hilo hatulifichi, lakini yaja ya tano. Ukiifuta hesabu hiyo, utii unabaki hauna mpaka, na Mtume amefundisha kuwa hapana kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Sasa tuutazame ubeti huu:

Mtunde kama kijana
asiyoyuwa kunena
kitu changalia sana
kitokacho na kungia

Mtunde ni mtunze kwa Kiamu, na kijana hapa ni mtoto mchanga. Wajibu uko wazi: mwangalie. Mapenzi nayo yamo, kwani mchanga hatunzwi kwa amri bali kwa huruma, na mama humjua kwa njaa yake kabla hajalia. Lakini ni nani kati yao asiyejua kunena? Ni bwana mkubwa wa nyumba! Binti anaambiwa kimyakimya kwamba mume huenda asiseme linalomsumbua, basi macho yafanye kazi ya masikio. Kitokacho na kungia ni chakula na afya; kwa sikio la mtu mzima ni pia mali na siri zipitazo mlangoni.

Onyo lililo kali zaidi limo katika mishororo hii:

Mpumbaze apumbae
amriye sikatae
maovu kieta yeye
Mngu atakulipia

Kupumbaza ni kumliwaza mtu, na pia ni kumzubaisha. Mtunzi hakutuambia tuchague lipi. Halafu neno maovu linatajwa waziwazi, mbele ya bi harusi. Mama anakiri kuwa mume aweza kuleta uovu. Kulipia hapa ni ahadi kwa aliyedhulumiwa, na ni tishio kwa anayedhulumu. Anayeuimba ubeti huu kwa haraka, kwa vigelegele, hulipoteza tishio hilo. Afadhali atulie baada ya mshororo wa tatu, kisha autoe wa nne polepole, wanaume wa nyumba hiyo wakisikia.

Hatusemi kila ubeti ubebwe. Ule unaomkataza binti kutangamana na watumwa ila wakati wa kazi ni wa jamii iliyomiliki watu, usiimbwe harusini. Mwenyewe Mwana Kupona, karibu na mwisho, anawaita wanawake wote wausome na maana wayafahamu.