Gari linalokula mafuta kupita kiasi: nilivyolikamata bila kumwonea dereva

Kuna ushauri mmoja unaotembea sana kwa wenye magari ya mzigo, nao unanikera kuliko yote: chukua kilometa za mwezi, gawanya kwa lita, gari lenye namba ndogo ndilo ambalo dereva wake anauza mafuta. Pale ninapofanya kazi ya hesabu, kwenye ghala la jumla hapa Kigoma, ushauri huo ulitoka kwa mtu aliyejiita mtaalamu, na mzee wetu akaufuata. Dereva wa Canter ya bluu akakatwa mshahara. Mimi ndiye niliyeandika makato hayo kwa kuamriwa, na nilijua moyoni kwamba hesabu haijakaa sawa. Nikaomba niachiwe mwezi mmoja niifanye upya.

Nieleze kwanza njia zetu, maana bila njia hakuna hesabu. Magari yetu ya kusambaza yanakwenda sehemu tatu: Uvinza, Kasulu na Manyovu. Ukitoka mjini mpaka Kidahwe, anayekwenda Uvinza na anayekwenda Kasulu wanaachana. Njia zote ni lami, lakini hazifanani hata kidogo. Kigoma iko ziwani, kwenye mita kama 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kasulu iko juu zaidi ya mita 1,200, na Manyovu, kule mpakani na Burundi, ni milima mitupu. Canter iliyobeba mzigo wake kamili ina uzito wa kama tani saba. Kuipandisha mita 500 tu kunakula karibu lita tatu za dizeli zaidi ya zile za kwenda mbele. Wakati wa kurudi gari ni tupu na linateremka, lakini lita zile hazirudi zote.

Sasa tazama mwezi ule wenyewe. Canter ya bluu ilikwenda Manyovu mara 12 na Kasulu mara 4, ikatembea kilometa 2,440 kwa lita 490. Canter nyeupe ilikwenda Uvinza mara 12 na Kasulu mara 4, ikatembea kilometa 3,280 kwa lita 630. Ukigawanya, ya bluu inapata kilometa 4.98 kwa lita na nyeupe inapata 5.21. Kwa ushauri ule, ya bluu ndiyo mbaya. Tena mtaalamu wetu alichora mistari mizuri ya rangi, ya bluu ikawa chini kabisa, na mzee akasema, "Si unaona mwenyewe?"

Nilichofanya ni kuacha kuuliza gari limepata kilometa ngapi kwa lita. Niliuliza: kwa safari ilizokwenda gari hii, ilitakiwa itumie lita ngapi? Hilo linataka kiwango cha lita kwa kila njia, kwenda na kurudi. Kiwango hicho ndicho kilichonitoa jasho.

Wengi watakwambia chukua wastani wa rekodi za nyuma. Nilikataa. Kama gari moja limekuwa likila mafuta ya watu wawili mwaka mzima, wastani unapanda nalo, na lenyewe linajificha humo humo. Namba ya katikati, ile ambayo formula yake ni MEDIAN, ni nzuri zaidi kwa sababu haivutwi na gari moja bovu. Lakini hata hiyo inakudanganya kama nusu ya magari yana tatizo. Kwa hiyo nikapanda gari mwenyewe. Kila njia niliiendea na dereva, nikiwa nimekaa kiti cha mbele na daftari.

Tulijaza tenki kwenye sheli moja, pampu ile ile, gari limesimama mahali pa tambarare, mpaka pampu ijikate yenyewe. Hapo nikakataza kuongeza. Wale vijana wa sheli wana tabia ya kuminya minya mpaka mafuta yafike shingoni, na kuminya huko kunaweza kukuharibia lita mbili au tatu. Tukaenda, tukashusha mzigo, tukarudi, tukasimama pale pale, tukajaza mpaka pampu ikajikata tena. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizochomwa njiani, hakuna ubishi. Njia ya Manyovu, kilometa kama 140 kwenda na kurudi, ilikula lita 29. Kasulu, kilometa 190, lita 34. Uvinza, kilometa 210, lita 33. Hebu angalia hapo: Uvinza ni mbali kuliko Kasulu lakini inakula mafuta pungufu. Mtu anayegawanya kilometa kwa lita haoni jambo hili hata akikodolea macho usiku kucha.

Dereva mmoja aliniambia, "Dada, tangu niajiriwe hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kupanda Manyovu na sisi." Nikamwambia ndiyo maana hesabu za ofisini haziijui Manyovu.

Baada ya hapo Excel ilikuwa kazi ndogo, isipokuwa usafi wa rekodi. Matawi yetu yanapakia majedwali yao kwenye Google Drive, kila karani na mwandiko wake. Namba ya gari moja unaikuta na nafasi katikati, bila nafasi, kwa herufi ndogo, na kompyuta inaona magari matatu. Hii inamaliza tatizo hilo, ukiiandika safu ya pembeni kisha ukabandika majibu yake kama thamani juu ya safu ya B:

```
=SUBSTITUTE(UPPER(B2)," ","")
```

Hatari zaidi ni karani anayeandika "34 lt" badala ya 34. Kwa kompyuta hayo ni maneno, si namba, na SUM inayaruka kimya kimya. Lita zinapotea na gari bovu linaonekana la kubana matumizi. Ninaweka safu ya pembeni yenye `=ISNUMBER(D2)` na sianzi hesabu mpaka kila mstari useme TRUE.

Jambo jingine, usifuatilie shilingi, fuatilia lita. EWURA hutangaza bei kikomo mpya kila mwezi, Jumatano ya kwanza, kwa hiyo gharama inaweza kupanda gari likiwa halijafanya kosa lolote. Na siku ya mwisho ya mwezi magari yote yanajazwa tenki kabla ya kulala. Bila hivyo lita ulizonunua mwezi huu huenda bado zimo ndani ya tenki, na utamshutumu mtu kwa mafuta ambayo hayajachomwa.

Nina karatasi tatu: Mafuta, Safari na Kiwango. Kwenye Safari, kila mstari una njia, na safu ya F inachukua lita za njia hiyo kutoka kwenye Kiwango kwa VLOOKUP. Halafu kwa kila gari, safu ya B ya muhtasari, ambao safu yake ya A ina namba za magari, inagawanya lita zilizotumika kwa lita zilizotarajiwa, na safu ya C inatoa alama:

```
=SUMIFS(Mafuta!D:D,Mafuta!B:B,A2)/SUMIFS(Safari!F:F,Safari!B:B,A2)
=IF(B2>1.1,"KAGUA","")
```

Ikitoka 1, gari limekula kama lilivyotakiwa. Kikomo changu ni 1.1, yaani asilimia kumi juu. Usikitumie kwa safari moja moja. Kosa la kujaza la lita mbili kwenye safari ya lita 29 ni asilimia saba tayari, lakini kwenye mwezi wa lita 500 halionekani kabisa.

Canter ya bluu ilitakiwa itumie lita 484: Manyovu 348 na Kasulu 136. Ilitumia 490. Jibu ni 1.01. Dereva yule hakuwa ameiba hata kikombe. Canter nyeupe ilitakiwa itumie 532 na ikatumia 630, jibu 1.18, lita 98 zimezidi. Gari lililosifiwa ndilo lililokuwa linatumaliza. Niliichapisha karatasi nikaiweka mezani kwa mzee, nikanyamaza. Aliisoma mara mbili, na makato ya yule dereva yakarudishwa mwezi uliofuata. Nilifurahi kuliko siku ya mshahara wangu.

Lakini alama ya KAGUA haimaanishi mwizi, na hapa nilisimama imara, maana mzee alishataka kumwita dereva wa nyeupe. Nilianza na kilometa za dashibodi. Lita zikizidi na kilometa nazo zikazidi, gari limechepuka. Tuna gari la kijivu ambalo safari za Uvinza zilikuwa zinasoma 260 badala ya 210, mafuta kwa kilometa yakiwa ya kawaida kabisa. Lilikuwa linapitia vijijini kubeba mkaa wa watu. Hilo ni la kuzungumza na dereva. Ya nyeupe, kilometa zilikuwa sawasawa, kwa hiyo mafuta yalikuwa yanaishia ndani ya gari au kwenye dumu.

Ili kujua ni lipi kati ya hayo mawili, tulibadilishana madereva. Wa nyeupe akapewa ya bluu, wa bluu akapewa nyeupe. Mafuta yanayoibwa yanamfuata mtu, na ubovu unabaki na gari. Wiki hiyo nyeupe iliendelea kula vile vile chini ya mikono mingine, njia zote, na ya bluu ikabaki kwenye 1. Fundi aliposhika magurudumu mara gari liliporudi, la nyuma kushoto lilikuwa la moto kuliko mengine yote. Breki ilikuwa haiachii, gari linakokota breki yake kutoka Kigoma mpaka Uvinza, na chujio ya hewa ilikuwa imejaa vumbi. Matengenezo hayakufika hata bei ya zile lita 98. Mwezi uliofuata nyeupe ilisoma 1.03.

Mipaka ya njia hii ninaijua. Viwango vyangu ni vya Canter iliyojaa. Safari ya nusu mzigo inasoma chini ya 1, na mtu mjanja anaweza kuchota tofauti hiyo bila alama kutokea, kwa hiyo sasa karani wa ghala anaandika tani kwenye kila safari na nimeanza kuweka kiwango cha pili cha nusu mzigo. Fuso kubwa lina karatasi yake ya Kiwango. Njia ya Kibondo bado sijaipa namba, na mpaka nitakapoipanda mwenyewe na kujaza tenki mara mbili kwenye pampu moja, safari zake naziacha nje ya hesabu, lita zake pamoja nazo.