Kadi Namba 22

Msichana wa kwanza kumaliza siku ile alivaa jezi ya kijani, na alimwacha wa pili karibu dakika nzima. Alipewa kadi namba 1. Hata angeshinda kwa hatua moja tu, angepewa kadi hiyo hiyo. Katika mbio za nyika timu haihesabiwi muda, inahesabiwa nafasi: ukiwa wa kwanza unaipa timu yako pointi moja, ukiwa wa thelathini unaibebesha thelathini, na yenye jumla ndogo ndiyo bingwa.

Nilikuwa kidato cha tatu. Tulikimbia kilomita sita kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, nyasi bado zina umande na viatu vimejaa tope. Kila shule ilitoa wasichana saba, watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa. Mimi nilikuwa wa tano wetu.

Mwalimu alisimama kwenye kona ya mwisho, akikunja kidole kila jezi ya kijani ilipopita. Nilipomfikia alikuwa amekunja vyote vitano. Akapaza sauti: "Mwanangu, huyo aliye mbele yako ndiye wa tano wao! Mpite huyo!"

Nilimwona, hatua kama nane mbele, mabega yamempanda hadi masikioni. Mbele kabisa watu huwa wametawanyika, lakini huko katikati tulikokuwa sisi wanakuja kwa kundi. Ukilegea sekunde tano unapitwa na watu sita, na pointi sita hizo zinaingia kwenye jumla sawasawa na za mkimbiaji bora. Nilibana viwiko, nikatazama kisogo chake tu. Nilimpita hatua chache kabla ya kamba za kumalizia, pale njia inapokuwa nyembamba na huwezi tena kupitana. Nikapewa 22, yeye 23.

Tulitandaza kadi kwenye nyasi. Zetu: 3, 6, 8, 11 na 22. Mwalimu alijumlisha kwa kalamu kwenye kiganja, akapata 50. Wapinzani wetu wa kijani walikuwa na 1, 2, 9 na 16, na hapo nilishtuka: wanne wao walikuwa na 28, na wanne wetu 28 vilevile. Ile 23 ikawafikisha 51.

"Ungebaki nyuma yake?" Mwalimu aliniuliza.

Nilihesabu mwenyewe. Sisi tungekuwa na 51, wao 50. Kumpita mtu mmoja kulikuwa kumetupunguzia pointi moja na kuwaongezea wao moja.

Wa sita wetu aliingia wa 27, akakaa kando analia kwamba kadi yake haina kazi. Mwalimu alichuchumaa karibu naye akamweleza: jezi ya kijani ya tano ingechoka zaidi ikaingia nyuma yake, yeye ndiye angeisukuma nafasi moja chini. Akainua kichwa, akaniomba aione ile 22. Ilikuwa imelowa jasho, wino umeanza kutanda.