Kumwandikia bosi barua bila kumfunga mikono: ninavyofanya mimi

Ushauri mbaya kuliko wote unaopewa msaidizi wa meneja ni huu: "Andika kama bosi mwenyewe, bandika sahihi yake ya skani, mteja hatajua." Wanaoutoa hawajawahi kukaa kwenye kiti hiki. Mteja hujua, tena hujua kwa njia mbaya: wanakutana na meneja wako msikitini au harusini, anamwambia "ile barua yako ya juzi imenifurahisha," na meneja hana habari ya barua yoyote. Hapo aliyeaibika si wewe, ni yeye.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha. Tunatoa mizigo bandarini Kilindini, na barua nyingi zinazotoka kwa jina la meneja huwa nimeziandika mimi. Sijisifu bure: hajawahi kulipa shilingi kwa neno nililolitunga. Siri si uhodari wa lugha. Ni kujua, kabla ya kuandika salaam, nani anazungumza na ana uwezo wa kuahidi nini.

Sauti ninazo tatu. Ya kwanza ni yangu mwenyewe: "Meneja ameniomba nikujulishe kuwa kikao kimesogezwa hadi Alhamisi." Hii ni ya miadi, kukumbushana na kutuma nakala. Naisaini kwa jina langu na cheo changu, basi. Ya pili ni "sisi" ya kampuni, kwa mambo ya kazi ambayo meneja ameyaamua lakini hana haja ya kuyaandika. Hii huishia na k.n.y., yaani kwa niaba ya, nayo ina mpangilio wake: sahihi ni yangu, jina chini yake ni langu, kisha "k.n.y. Meneja wa Shughuli". Ukiandika jina lake chini ya mkwaruzo wa kalamu yako bila k.n.y., itaonekana umemghushia sahihi, hata kama alikuruhusu kwa simu.

Ya tatu ni "mimi" ya meneja. Hiyo siitumi isipokuwa ameisoma yote na kuisaini kwa mkono wake, na ni ya mambo machache: rambirambi, msamaha mzito, shukrani, karipio. Mteja akifiwa, rambirambi yenye k.n.y. ni tusi, afadhali meneja apige simu, na kama yuko mjini aende matangani. Kumwandalia maneno ya mwanzo naweza. Kumlilia maiti kwa niaba yake, hapana.

Barua pepe nazo zina mtego. Kwenye Outlook ya ofisi kuna ruhusa mbili tofauti. Ukiwa na `Send on Behalf`, anayepokea huona jina lako na kwamba umetuma kwa niaba ya meneja. Ukiwa na `Send As`, huona jina la meneja peke yake. Mkiwapa mafundi wa kompyuta kazi bila kuwaambia mnataka ipi, huenda wakakupa zote mbili, na hapo ya pili ndiyo hushika: jina lako halionekani popote. Mimi niliomba ya kwanza tu. Kwenye wasapu ya ofisi, ambayo haina ruhusa wala nini, kila ujumbe naumaliza kwa jina langu na "ofisini kwa Meneja", maana namba ile wateja wameihifadhi kwa jina lake.

Sasa ahadi, ambako ndiko watu huungulia. Chukua kisa cha kawaida kabisa. Mwenye duka ana kontena la futi 20 la vigae. Ushuru umelipwa, forodha wametaka kulikagua, siku zinakatika. Anamwandikia meneja: mzigo wangu utatoka lini, na storeji atalipa nani? Meneja yuko njiani, anatuma sauti ya sekunde chache: "Mwambie Ijumaa ataupata, na hayo mambo ya storeji asijali."

Msaidizi mchanga huyaandika maneno hayo kwa Kiswahili safi na kuyatuma, akijiona mwaminifu. Yatazame vizuri. "Ijumaa ataupata" ina Ijumaa tatu ndani yake: siku forodha wanaporuhusu mzigo, siku lori linapotoka getini, na siku vigae vinaposhuka godauni. Meneja amesema akifikiria ya kwanza. Mteja atasikia ya tatu na kuita wapakuzi. Na katikati ya ya kwanza na ya pili kuna oda ya wenye meli ya kuachia kontena, malipo ya bandari, na lori lenyewe kupatikana. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo liko mikononi mwetu peke yetu. Siku ya ukaguzi nayo hupangwa na forodha.

"Asijali" ni mbaya zaidi, kwa sababu ni pesa bila tarakimu. Storeji hutozwa na bandari kwa mzigo kukaa uwanjani baada ya siku za bure kwisha. Dimareji hutozwa na wenye meli kwa kontena lao, na kwa kawaida huhesabiwa kwa dola. Ni bili mbili, za watu wawili. Mteja aliyeambiwa asijali ataleta zote mbili, na ukimkatalia ya pili atakuonyesha barua. Na barua iliyotoka ofisini kwa meneja, iliyosainiwa na mtu ambaye kila siku humwandikia, si rahisi kuikana. Mteja ana haki ya kuamini kwamba ulitumwa.

Hapa ndipo ninapojivunia ujanja wangu. Meneja simuulizi "ulimaanisha nini?", kwa sababu atajibu "andika tu, unajua wewe." Namwandikia sentensi mbili zilizokamilika, zile tu zenye ahadi, ajibu kwa herufi:

"A: storeji tunalipa sisi, isiyozidi siku mbili, dimareji si yetu. B: hatulipi chochote, ila tutamwombea punguzo. Ipi?"

Mtu aliye kwenye foleni ya Changamwe anaweza kujibu A. Hawezi kutunga sera ya kampuni. Tena akisoma idadi ya siku ikiwa imeandikwa, ndipo anapoiona kama pesa, mara nyingi jibu huja "A, lakini siku moja." Hilo ndilo nililokuwa nikilitaka. Jibu lake nalihifadhi pamoja na barua.

Kwa kisa hiki, baada ya jibu la A, barua inatoka hivi:

"Bwana, salaam. Pole kwa usumbufu. Ushuru wa mzigo wako umeshalipwa, na sasa unasubiri kukaguliwa na forodha, ambao ndio wanaopanga siku. Kwa hiyo tarehe ya kutoka hatuwezi kukuandikia leo. Mtu wetu atakuwa bandarini kesho Jumatano asubuhi kufuatilia, na tutakupa habari kesho kabla ya saa kumi jioni, pawe na jipya au pasiwe. Tafadhali usiite wapakuzi hadi tukujulishe kuwa lori limetoka getini. Kuhusu storeji ya bandari, kwa mzigo huu peke yake tutalipa isiyozidi siku mbili. Storeji ya siku nyingine na dimareji ya wenye meli zinabaki upande wako."

Angalia yaliyoahidiwa: kwenda bandarini, kutoa habari, kulipa siku mbili. Yote twaweza kuyafanya hata forodha wakilala. Ijumaa imetoweka na mteja hakunyimwa kitu, kwa kuwa amepata saa ya kusikia habari, na mtu mwenye saa ya kusubiri hapigi simu kila nusu saa. Saa hiyo naiandika kwa maneno pamoja na "jioni". Ukiandika 10:00, nusu ya wateja watasoma asubuhi.

"Kwa mzigo huu peke yake" iko pale kwa makusudi. Bila hiyo, mzigo ujao ataleta bili akisema ndiyo desturi yetu. Na sababu ya sisi kulipa haimo. Meneja alisema nyaraka zilikaa mezani kwetu, nami sikuliandika. Kampuni yenye bima ya dhima mara nyingi hukuta kwenye mkataba wake sharti la kutokiri kosa bila idhini ya bima, na msaidizi aliyeandika "ni uzembe wetu" kwa upole wake anaweza kuwapa bima sababu ya kutolipa siku dai likiwa kubwa. "Pole kwa usumbufu" inamtuliza mtu bila kukiri chochote. Kama ni lazima kukiri, anakiri meneja, akijua.

Kuna maneno ninayoyawinda kabla ya kutuma, kwa sababu huahidi bila ya wewe kujua: "tutahakikisha", "usiwe na wasiwasi", "bila shaka". "Tutahakikisha" naibadilisha kuwa kitenzi cha kazi: tutafuatilia, tutauliza, tutawasilisha. Na inshallah? Iandike, ni adabu yetu, lakini usidhani inafuta tarehe iliyotangulia. Mteja wa Pwani ataitikia inshallah na bado Ijumaa atakuwa mlangoni.

Meneja akisafiri, hasa akienda Hija au Dubai ambako simu hushikwa usiku, nataka karatasi yenye sahihi yake: ninayoweza kuyatoa bila kuuliza, na nisiyoyagusa. Ya kwanza ni hali ya mzigo, nakala za nyaraka na miadi. Ya pili ni punguzo, siku za mkopo, kukiri kosa, na kuahidi kwamba mfanyakazi fulani ataadhibiwa. Hilo la mwisho wateja wenye hasira hulipenda sana, nami hujibu kwamba malalamiko yamefika kwa meneja siku fulani. Basi.

Zaidi ya hapo ninalo daftari la kawaida la shilingi chache. Kila ahadi iliyotoka kwa jina lake ina mstari: nani, nini, lini, na A au B ya nani. Meneja hulipitia asubuhi akinywa kahawa, kabla ya kukutana na mtu yeyote. Ahadi ikielekea kuvunjika, mteja huandikiwa kabla ya saa iliyotajwa, si baada. Na barua hiyo haina k.n.y.; naiweka mbele yake pamoja na kalamu.