Nimeachwa getini, Frankfurt

Jamani, ndege ya Dar imeondoka. Mimi nipo hapa na mkoba wangu.

Dalili niliiona asubuhi nikaipuuza: kwenye pasi yangu, pale pa namba ya kiti, pameandikwa GATE. Kumbe wameuza tiketi nyingi kuliko viti.

Kwanza wakatafuta wa kujitolea kuachia viti. Wawili wakakubali, wakapatana bei yao na shirika. Hawakutosha, ndipo nikaitwa mimi.

Dada wa kaunta, mpole kweli, akanisogezea vocha ya yuro 300 na kalamu. Akaiweka kalamu juu kabisa ya mstari wa sahihi.

Nikaitazama ile kalamu. Sikuishika.

Nikamwambia: dada, sikujitolea, na niliripoti kwa wakati. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004 inasema safari ya zaidi ya kilomita 3,500 ni yuro 600, na vocha ni mpaka nikubali kwa sahihi. (Nikifika ndani ya saa 4 za muda wa awali, wanaweza kukata nusu. Mimi nafika kesho jioni.)

Akapiga simu. Akarudi na fomu ya 600 kupitia benki, kuponi ya chakula, hoteli na usafiri wa kwenda huko, na tiketi ya kesho. Hii yenye kiti: 34A.

Mama kule nyumbani keshapika pilau la watu wote 😩

Nani kati yenu alishasaini vocha? Walikupa ngapi?