Kumbukumbu ya mradi wangu: chati ya binamu na ile saa moja ya Goma

Bado naendelea na kazi ya kuchora chati za kuzaliwa za familia yote kwenye kayé ya karo, na wiki hii nilikuwa kwa binamu yangu, yeye alizaliwa hapa Goma tarehe 11/8/1999, saa nane ya muchana. Ni siku ya kupatwa kwa Jua kule Ulaya, njo maana chati yake ni nzuri sana ya kujifunzia, juu Jua na Mwezi vilikuwa pamoja kabisa, vyote mu ishara ya nyota ya Simba, karibu digri 18.

Jua, wanajimu wanasema ni ile nia ya muntu, kitu anachotafuta kuwa mu maisha. Mwezi ni moyo wa ndani, namna anakasirika, anatulia, anataka kubembelezwa namna gani. Kwa binamu vyote viko Simba, kwa hiyo wanasoma kwamba anachokitaka na anachokisikia havipingani: anataka kuonekana, na akisahauliwa anaumia kweli. Halafu iko asandanti, ni ishara iliyokuwa inachomoza mashariki dakika ile mutoto anatoka. Hiyo inasemwa ni mulango, ni vile watu wanakuona mara ya kwanza na vile unaingia mu mambo mapya.

Sasa binamu alikuwa tayari na chati kwenye simu, na ile chati ilisema asandanti yake ni Mbuzi, ni kusema muntu wa kujizuia, muzito, wa mipango. Mimi nilipopiga hesabu kwa mukono nikapata Mushale, muntu wa wazi, wa safari na maneno mingi. Tukafungua setingi, tukakuta muji ni Goma sawa lakini saa wameweka `Africa/Kinshasa`, na Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Goma, Bukavu na Lubumbashi tunatumia `Africa/Lubumbashi`, ni UTC+2. Saa nane ya kwetu simu iliihesabu kama saa tisa.

Kwa Jua hiyo saa moja si kitu, linatembea kama digri moja kwa siku nzima. Mwezi unasogea nusu digri tu. Lakini asandanti inatembea digri moja kila dakika 4 hivi, kwa hiyo saa moja ilimusukuma kutoka Mushale digri 20 mupaka Mbuzi digri 4. Na haikuishia hapo, juu nyumba, zile sehemu 12 za maisha mu chati, zinahesabiwa kuanzia asandanti. Ukianza na Mushale, Simba inakuwa nyumba ya 9, ya masomo, imani na safari za mbali. Ukianza na Mbuzi, Simba inaangukia ya 8, ya kifo, deni na urizi. Jua ni lile lile, Mwezi ni ule ule, lakini unamusomea muntu maisha mengine kabisa, na binamu alikuwa ameishi na hofu ya ile nyumba ya 8 muda murefu, ilinigusa sana.

Namna ya kuhakikisha bila simu ni hii: jua likichomoza, asandanti ni ishara ya Jua lenyewe. Siku ile Goma lilichomoza saa kumi na mbili na dakika chache, kufika saa nane ya muchana ni karibu masaa 8. Kila ishara inachukua kama masaa 2, basi hesabu nne baada ya Simba: Mashuke, Mizani, Nge, Mushale. Huku kwetu karibu na ikweta hesabu hii inakubali vizuri, kule Ulaya ishara zingine zinachomoza haraka na zingine polepole, usiitumie.

Kilichobaki ni ile "saa nane" yenyewe. Fishi ya maternité imeandika 14h00 na manesi wanapenda kuandika saa kamili. Siku ile Mushale ilikuwa inachomoza kuanzia 12:35 hivi mupaka 14:42, kwa hiyo tuko na nafasi ya dakika 40 mbele. Mama mudogo anasema saa nane na nusu alikuwa tayari ananyonyesha, basi Mushale nimeiandika kwa wino.

Inafuata chati ya kaka yake mukubwa. Yeye hana fishi, wanakumbuka tu "usiku". Mwezi nitauangalia jua likizama na tena likichomoza kesho yake, kama ishara haikubadilika naiandika, asandanti naacha karo yake tupu.