Ujumbe mmoja, maofisa ajira watano

Ukiwaandikia maofisa ajira watano ujumbe uleule wa kuomba kazi, kubadilisha jina pekee hakutoshi. Sentensi mbili za katikati, zinazoeleza kazi unayoijua na miaka uliyoifanya, ziache zilivyo. Ya kwanza iandike upya kila mara, ukishika jambo lililomo kwenye tangazo lao. Mhasibu anayeomba kazi kwenye kampuni ya usafirishaji aanze na hesabu za mafuta ya malori. Akiomba hospitali, aanze na madai ya bima.

Kinachoumbua zaidi ni kunakili: kwenye Gmail, maandishi yaliyobandikwa huweza kuja na fonti tofauti na jina ulilochapa, na msomaji anaona kiraka. Bandika kwa Ctrl+Shift+V, kisha hakikisha jina la kampuni iliyotangulia halijabaki popote, hata kwenye jina la faili la wasifu.