Nilivaa namba 44 miaka yote kumbe mguu wangu ni 42.5, ila mpana

Nianze na kidole cha mwisho maana ndo kilichonifanya nifuatilie haya mambo. Mguu wa kushoto, pembeni ya kidole kidogo, nilikuwa na sugu gumu ambalo kila baada ya wiki mbili tatu lilikuwa linauma mpaka natembea naegemea upande. Nafanya kazi Mtumba kule mji wa serikali, hapa Dodoma, na pale kiatu cha ofisini ni lazima, huwezi kuingia na kandambili, kwa hiyo mguu wangu unakaa ndani ya kiatu toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni. Na kila nikienda dukani ni hadithi ile ile, namba 42 inagoma kuingia, 43 inaingia kwa kusukuma, muuzaji ananiambia bro chukua 44 utakuwa huru. Nachukua 44.

Sasa 44 inakuwa hivi. Upana angalau unavumilika ila kisigino kinapwaya, kila hatua kinapanda na kushuka, ukifika nyumbani una malengelenge nyuma. Na kuna kitu kingine nilikuwa sikielewi kabisa, viatu vyangu vyote vilikuwa vinajikunja mbele ya mahali mguu wangu unapojikunja, ule mkunjo wa ngozi juu ya kiatu unakuja kukata vidole. Mzee mmoja fundi viatu kule Majengo ndo alinifungua macho. Nilimpelekea kiatu abandike soli, akakigeuza geuza akaniuliza, "Mwanangu, hiki kiatu ni chako au umerithi?" Nikamwambia changu mzee, nimenunua mwenyewe. Akasema, "Basi umenunua urefu wakati shida yako ni upana. Ona mkunjo ulipo. Mguu wako unaishia huku nyuma."

Hiyo sentensi nilikaa nayo siku nzima aisee.

Nikaanza kutafuta mtandaoni nikakuta kumbe wenzetu viatu vyao vina namba mbili, moja ya urefu na nyingine ya upana, na ya upana inaandikwa kwa herufi kwenye boksi au kwenye lebo ya ndani ya ulimi wa kiatu. Nikasoma haraka haraka nikaona D maana yake pana, nikafurahi, nikaagiza raba toka Dar zenye D, zikaja na basi, nikazivaa, zinabana vilevile! Hapo nikapoteza hela. Kosa lilikuwa langu la kusoma nusu. Ile orodha niliyosoma ilikuwa ya viatu vya kike. Kwa herufi za Kimarekani, ambazo ndo ziko kwenye raba nyingi, D kwenye kiatu cha kike ni pana, lakini D kwenye kiatu cha kiume ni ya kawaida kabisa, ile ile inayonibana kila siku. Kwa wanaume pana ni 2E, pana zaidi ni 4E, na nyembamba ni B. Kwa wanawake kawaida ndo hiyo B, nyembamba 2A, pana D, pana zaidi 2E. Wengine wanaandika EE badala ya 2E, ni kitu kimoja, ni E mbili. Na kama hakuna herufi yoyote kwenye lebo basi mara nyingi hicho ni upana wa kawaida, usidanganywe na muuzaji kwamba hii ni saizi ya watu wote.

Halafu kuna Waingereza, hao wana herufi zao. Viatu vya ngozi vya Clarks vya kiume kwa mfano, G ndo kawaida na H ndo pana, wakati vya kike D ndo kawaida na E ndo pana. Kwa hiyo herufi ukiiona peke yake haikuambii kitu mpaka ujue kiatu ni cha nani na kimetoka kwa nani.

Jingine ambalo lilinichukua muda kulielewa ni kwamba herufi inatembea pamoja na namba. 2E ya namba 8 na 2E ya namba 10 hazilingani kwa sentimita, kiatu kikiongezeka urefu na upana unaongezeka kidogo. Ndo maana ukipanda namba unahisi kama umepata nafuu, umepata kweli ila kidogo sana, na umelipia kwa urefu usiouhitaji. Namba moja nzima ya UK au US ni kama milimita 8 na nusu za urefu, nusu namba ni milimita 4 na kidogo. Mimi nilikuwa natembea na zaidi ya sentimita nzima ya hewa mbele ya vidole ili nipate milimita chache za pembeni.

Basi nikapima. Nilipima jioni baada ya kazi maana mguu unavimba mchana, ukipima asubuhi unajidanganya. Karatasi ya A4 sakafuni, kisigino kimegusa ukuta, nimesimama uzito wote kwenye mguu, mama Eliya akachora kwa penseli iliyosimama wima, akiilaza tu vipimo vinaharibika. Kushoto urefu sentimita 26.4, kulia 26.1. Unachukua mguu mrefu. Kisha upana, toka ule mfupa uliotokeza chini ya dole gumba mpaka mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, mstari unakwenda kwa mshazari kidogo sio moja kwa moja, nikapata 10.9. Tukachukua na ile futi ya fundi cherehani tukazungusha mguu hapo hapo penye mifupa, sentimita 27. Huo mzunguko usiupuuze, kuna watu mguu sio mpana kwenye karatasi ila ni mnene kwa juu, na kiatu kinawabana kwa juu.

Nikiwa na hizo namba ndo nikaanza kuelewa lebo. Kwenye lebo kuna US, UK, EUR na CM, na hapo kwenye nusu ndo pamenichanganya sana. Chukua US 9 ya kiume. Nike wanaandika UK 8 na EUR 42.5. New Balance wanaandika UK 8.5 na 42.5. Adidas wanaandika UK 8.5 na 42 2/3, ndiyo, theluthi mbili, kwa sababu namba moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, haiwezi kukaa sawa na nusu za Uingereza. Kwa hiyo ukimwambia muuzaji navaa UK 8.5 anaweza kukuletea viatu viwili tofauti na wote mko sahihi. Lakini kwenye zote tatu urefu ni ule ule, sentimita 27. Toka siku hiyo mimi nikiongea na muuzaji naanza na CM. Mguu wangu wa 26.4 umekaa vizuri kwenye 27, nafasi ya mbele inatosha dole gumba lisigonge. Zile 44 zangu lebo ilikuwa inasoma 28.

Herufi sasa. Dukani hapa Dodoma kupata boksi lenye 2E ni bahati, wanaleta D tu, na wengi hawajui kama kuna nyingine. Nilichofanya nikaenda Sabasaba kwenye mitumba, kwa sababu mitumba inatoka nchi za watu wanaonunua viatu kwa upana. Boksi hakuna ila lebo ya ulimi ipo. Siku ya kwanza nilipekua kama saa mbili nikapata New Balance moja imeandikwa 2E, ila ni namba 11. Nikarudi Jumamosi mbili mbele nikapata 9 yenye 2E, CM 27.

Na hata lebo ikifutika kuna njia, hii ndo naitumia mpaka leo. Chomoa ile soli laini ya ndani, iweke chini, simama juu yake na kisigino kikae mahali pake. Angalia pembeni. Kwenye raba ya D nyama ya kidole cha mwisho ilikuwa inamwagika nje karibu upana wa penseli. Kwenye 2E ilizidi milimita mbili hivi, na kwa raba ya kitambaa hiyo sio shida, kwa ngozi ngumu ningekataa. Angalia pia mbele, ukiona vidole vinaishia mbali na ncha ujue unarudia kosa langu. Muuzaji mmoja alinikatalia kuchomoa, nikaacha nikaenda meza ya pili.

Ukishavaa funga kamba uangalie matundu. Kama mistari miwili ya matundu imeachana sana juu ya mguu, kiatu ni chembamba hata kama hakiumi pale pale. Kikibana kwa juu tu karibu na vidole, toa kamba kwenye matundu ya chini kabisa uanzie ya pili, inasaidia. Kikibana pembeni kwenye soli hiyo haisaidii, soli haitanuki.

Viatu vya ofisini ndo vilikuwa vigumu zaidi. Nilikuwa na jozi moja nzuri ya ngozi, nikampelekea yule mzee wa Majengo anitanulie. Alilowesha ngozi kidogo kwa ndani, akaingiza kalibu yenye skrubu, akaongeza kipande pale kwenye sugu langu, akaiacha siku mbili. Ikapatikana nafasi ndogo pale pale kwenye kidole, na hiyo ilitosha kwa jozi hiyo. Ila aliniambia wazi hawezi kuigeuza D kuwa 2E, akizidisha ngozi inachanika kwenye mshono, na vile vya ngozi bandia alikataa kabisa maana akitoa kalibu vinarudi au vinapasuka. Usikae karibu na jiko kuvikausha, ngozi inakakamaa.

Jozi ya pili nilimpa kazi atengeneze mwanzo mwisho, mbele mviringo sio ile ncha iliyochongoka, nikampa karatasi yangu ya A4 na ule mzunguko wa 27. Alipima tena mwenyewe, akaongeza kipimo juu ya mguu na kingine kwenye kisigino. Hiyo ndo jozi ya kwanza maishani mwangu kuvaa ambayo mkunjo wa ngozi umekaa juu ya mfupa wangu na sio juu ya vidole. Ile karatasi bado naitunza kwenye droo, imeandikwa tarehe, kwa sababu mzee alisema mguu wa mtu mzima nao unabadilika, nipime tena kila mwaka. Sugu halijaisha ila limelainika na toka mwezi wa nne halijaniuma.